"Despite what?" Neno linalongoja jina na neno linalongoja sentensi

"Mwalimu, ninafanya kazi ya tranziti hapa Lubumbashi. Kila siku ninaandikia watu wa Ndola, Zambia, kwa Kiingereza kwenye WhatsApp. Juzi lori letu lilikwama mpakani Kasumbalesa, nikatuma hivi: 'Despite the truck is at Kasumbalesa, we can't cross because of the scanner is down. The driver tried and called the agent.' Bosi wa kule akajibu maneno mawili tu: 'Despite what?' Kosa liko wapi? Na hiyo 'try and', mbona wao wenyewe wanaiandika?"

Huyo bosi hakuwa anakutania, dada yangu. Ujumbe wako ulimkwaza njiani. Aliposoma "Despite the truck", akili yake ilishika lori kama kitu kizima: licha ya lori. Akangoja umwambie kilichotokea licha ya hilo lori. Badala yake akakutana na "is", ambayo haina pa kukaa, ikabidi arudi mwanzo. Mtu anayesoma simu huku ameshika usukani au kikombe cha chai harudi mwanzo mara mbili. Anauliza.

Ili uusikie mkwaruzo alioupata, andika sentensi yako hiyohiyo kwa Kiswahili, neno kwa neno: "Licha ya lori liko Kasumbalesa, hatuwezi kuvuka kwa sababu ya skana imekufa." Unasikia? Hiyo "ya" imeshika "lori", halafu "liko" inajitokeza bila mwenyewe. Ungesema "ingawa lori liko Kasumbalesa", na ungesema "kwa sababu skana imekufa", bila "ya". Kwa hiyo kanuni unayoitafuta unayo tayari kinywani. Kiswahili kinatenganisha mambo haya mawili kama Kiingereza kinavyoyatenganisha. "Kwa sababu" inabeba sentensi, "kwa sababu ya" inabeba jina la kitu. "Ingawa" inabeba sentensi, "licha ya" inabeba jina. Kwa Kiingereza ni "because" na "because of", halafu "although" na "despite", kwa mpangilio huohuo.

Alama ya kutazama ni kiambishi kilicho mbele ya kitenzi. Skana *i*mekufa, lori *li*mefika, dereva *a*naumwa, sisi *tu*nasubiri. Ukikiona kiambishi hicho pamoja na wakati wake, hiyo ni sentensi, na Kiingereza kitataka "because" au "although". Ukiona jina peke yake, kama mvua, foleni, mgomo au kuharibika kwa skana, basi ni "because of" au "despite". Hivyo utaandika "because it is raining" lakini "because of the rain". "Although the queue is long" lakini "despite the long queue". Tazama hiyo ya mwisho: maneno karibu ni yaleyale, ila "is" imetoka, na "long" imehamia mbele ya "queue" ili vyote viwe jina moja. Mara nyingi ukarabati wa sentensi hizi hauhitaji zaidi ya hapo.

Sasa, kama Kiswahili kinatusaidia hivi, kwa nini wanafunzi wangu wa Lubumbashi wanakosea palepale kila mwaka? Nadhani ni kwa sababu Kiswahili tunachozungumza mtaani si kile tulichoandika hapo juu. Kwetu sababu tunaitaja kwa "juu". Utasikia "juu ya mvua", utasikia "juu mvua inanyesha", na utasikia pia mtu anasema "juu ya" mbele ya sentensi nzima bila yeyote kushtuka. Na "ingawa" ni nani anayeitumia sokoni? Tunasema "malgre", neno la Kifaransa. "Malgre mvua, alikuya." "Malgre alikuwa mgonjwa, alikuya." Neno moja linafanya kazi zote mbili, na linatosha kabisa kwa mazungumzo yetu. Ubaya unaanza pale mtu anapoweka alama ya usawa kichwani, "malgre" sawa na "despite", kisha akaibeba kwenda Ndola na uhuru wake wote. "Despite" haina uhuru huo. Kwa hiyo unapojipima, usijipime kwa "juu" wala kwa "malgre". Jipime kwa "kwa sababu ya" na "licha ya", zile za kitabuni, maana hizo hazikubali kusogezwa.

Kuna mtego mmoja ndani ya kipimo hiki, nao ni "despite of". Kwa kuwa "licha ya" ina "ya", na "because of" ina "of", mtu anaona haki kuandika "despite of the rain". Hapana. "Despite" imekwisha kuimeza "ya" yake tumboni. Ukiongeza "of" umesema "licha ya ya mvua". Dada yake "despite" ni "in spite of", mwenye maana hiyohiyo, ambaye "of" yake iko nje. Wengi wanachanganya hao wawili. Kwenye ujumbe mfupi chagua "despite", ni neno moja, kisha usilifuatishe na kitu chochote ila jina.

Unaweza kuniuliza: na kitenzi kisicho na kiambishi cha mtu, kile cha "ku-"? Tunasema "licha ya kusubiri", na "kusubiri" ni kitenzi. Ndiyo, ila kwa Kiswahili hicho kimegeuka jina, na Kiingereza nacho kinakigeuza jina kwa mkia wa -ing: "despite waiting". Usiandike "despite to wait", hata kama kamusi yako inasema kusubiri ni "to wait". Baada ya "despite" na "because of", "ku-" yetu inakuwa -ing. Na hapo angalia nani anayesubiri. Kiswahili kinavumilia "licha ya kusubiri usiku mzima, karatasi hazikufika", kwa sababu kila mtu anajua karatasi hazisubiri. Msomaji makini wa Kiingereza anataka aliyefanya tendo la -ing awe ndiye mtajwa wa kwanza baada ya mkato, kwa hiyo "Despite waiting all night, the papers did not come" inamwambia kwamba karatasi ndizo zilizokesha. Atakuelewa, lakini atatabasamu. Ukitaka asitabasamu andika "Although we waited all night, the papers did not come".

Jambo jingine linalowachanganya waliokwisha kuijua kanuni ni sentensi kama "because of what the agent said". Mbona kuna "said" na kuna "agent", yaani mtendaji na tendo, na bado "of" imekaa? Rudi kwa Kiswahili: "kwa sababu ya alichosema ajenti". Hiyo -cho- ndani ya kitenzi imeigeuza sentensi nzima kuwa kitu, kile kilichosemwa. "What" inafanya kazi ya -cho-. Kwa hiyo "despite what you told me" ni sahihi, na "because what the agent said" ni makosa. Hutakutana nayo kila siku, ila ukikutana nayo usiirekebishe kwa bidii kupita kiasi.

Sasa nikuambie jambo ambalo halimo katika masomo ya sarufi, na kwa kazi yako naliona zito kuliko hayo yote. "Because of" ni fupi, na kwa ufupi wake inaficha. Andika "Can't cross because of the scanner". Sarufi yake haina doa. Lakini skana ina nini? Imeharibika? Imejaa foleni? Imeona kitu ndani ya mzigo? Bosi wa Ndola ataandika "What about it?", na wewe utaandika tena, na ujumbe mmoja uliotaka kuufupisha umezaa jumbe tatu. "Because the scanner is down" ina neno moja tu zaidi, lakini inafunga swali. Vivyo hivyo "because of the papers": zimepotea, zina kosa, au hazijagongwa muhuri? "Because one stamp is missing" inamwambia cha kufanya. Tumia "because of" pale ambapo jina lenyewe linatosha kusema yote, kama mvua, mgomo au sikukuu. Jina likiwa karatasi, mashine, pesa au mtu, toa sentensi.

Kwa mtu ndiko hasa nilikoungua. Miaka ya nyuma, kabla sijaanza kufundisha, nilikuwa nikiwaandikia wateja kwa niaba ya ofisi moja ya usafirishaji. Lori moja lilikaa siku mbili Kasumbalesa kwa sababu dereva alishikwa na malaria kali akalazwa upande wa pili wa mpaka. Nikaandika kwa haraka: "The truck is late because of the driver." Nilijivunia hata ile "of", nimeiweka mahali pake. Mwenye mzigo akasoma kama wewe unavyosoma "kwa sababu ya dereva": dereva ndiye mwenye kosa. Akaandika kwa mwenye lori akidai mtu huyo aondolewe. Ilichukua simu tatu kumtetea mtu aliyekuwa na dripu mkononi. Ningeandika "because the driver is in hospital", lori lingechelewa vilevile lakini hakuna ambaye angelaumiwa. "Because of" ikifuatwa na mtu, ndani ya habari mbaya, inanyoosha kidole, kama "kwa sababu yako" inavyofanya tukigombana. Habari ikiwa nzuri Kiingereza kina njia nyingine, "thanks to": "We crossed early thanks to the driver." Ukiona huwezi kusema "thanks to", na hutaki kumlaumu mtu, kimbilia sentensi kamili.

Na kama "because" peke yake ni ya sentensi, utaona watu wakiandika "late because traffic", jina tupu bila "of". Huo ni utani wa mitandaoni wa watu wanaokijua Kiingereza vizuri na wanakichezea makusudi. Chama cha wataalamu wa lahaja cha Marekani kililichagua "because" kuwa neno la mwaka 2013 kwa ajili ya matumizi hayo. Wao wakiandika hivyo wanacheka. Mimi na wewe tukiandika hivyo kwa mteja, inaonekana tumesahau "of". Lakini usiuchanganye na mtindo wa telegramu, ule wa kuangusha "is" na "the". "Can't cross because scanner down" inakubalika katika ujumbe wa haraka, maana ni sentensi iliyovuliwa nguo: "because (the) scanner (is) down". Isiyokubalika ni "because of scanner down", kwa sababu umeiita jina kisha ukaivalisha sentensi. Ukitaka "of" hapo, tafuta jina la kweli: "because of a scanner breakdown".

"Although" nayo ina tabia zake kwenye WhatsApp. Ya kwanza ni kwamba haikai peke yake. Sisi tuna mazoea ya kukata wazo vipande na kutuma kila kipande kivyake. Ukituma "Although the papers are ready" ukabonyeza, kisha mtandao ukakatika, yule wa upande wa pili anabaki na mguu mmoja hewani. "Because" inavumilia zaidi: akikuuliza "Why?", unaweza kujibu "Because the scanner is down" na ikasimama, kwani swali lake ndilo nusu ya kwanza. "Although" haina swali la kuishikilia. Tuma nusu zote mbili pamoja, au anza na habari kuu: "Not crossing today, although the papers are ready." Mpangilio huu naupenda zaidi kwa kazi, maana msomaji anapata kwanza anachokihitaji.

Ya pili ni "lakini". Kiswahili kinaruhusu "ingawa karatasi ziko tayari, lakini hatuvuki". Kiingereza hakiruhusu: ukianza na "although", usiweke "but" katikati. Moja inatosha. Kwa ujumbe mfupi hata ninakushauri uiache "although" na ubaki na "but": "Papers are ready but we can't cross." Hakuna kipimo cha jina wala sentensi cha kukuumiza kichwa. Na kuna "though", ambayo inaweza kukaa mwishoni kabisa, "Driver is fine though", kama tunavyosema "dereva yuko salama lakini". "Although" haiwezi kukaa hapo.

Twende kwenye "try". Uko sahihi kwamba wao wenyewe wanaandika "try and". Si uvivu wa vijana. Waingereza wamekuwa wakiisema hivyo tangu karne ya 17, na huko Uingereza inasikika zaidi kuliko Marekani. "Try and call the agent" maana yake ni "try to call the agent", basi. Ni kama sisi tunaposema "jaribu upige" badala ya "jaribu kupiga". Ya kwanza ina ulegevu wa mazungumzo, ya pili inakaa popote.

Lakini "try and" ina sharti moja ambalo wenye lugha hulifuata bila kujua: "try" lazima iwe uchi, bila mkia wowote. "Try and call", "I will try and call", "Did you try and call?" zote zinapita, maana "try" haijaongezwa kitu. Mara ikipata mkia, "tries", "tried", "trying", "and" inaondoka na "to" inarudi: "he tries to call", "he tried to call", "he is trying to call". Na usipenyeze neno kati yake na "and": "try hard to finish", si "try hard and finish". Ukitaka kukataza, sema "try not to be late".

Ndiyo maana "The driver tried and called the agent" ilikupeleka pabaya. Mwingereza akiisoma hasikii "alijaribu kupiga". Anasikia "alijaribu, akapiga": alifanya jambo fulani, kisha akampigia ajenti na simu ikapita. Bosi wako pengine alidhani ajenti amekwisha kupewa taarifa. Wewe ulitaka kusema dereva alijaribu, na simu haikupita. Kosa hili silichukulii kama la sarufi tu, kwa sababu linabadilisha habari yenyewe.

Kuna na "try calling". "Try to call the agent" inamaanisha tendo lenyewe huenda likashindikana. Pale mpakani simu inahamahama kati ya mtandao wa Kongo na wa Zambia, kupiga kwenyewe ni kazi. "Try calling the agent" inamaanisha kupiga ni rahisi, jaribu uone kama kutasaidia. Kwa hiyo dereva akilalamika kwamba karatasi zimekwama, unamwambia "Try calling the Zambian number", yaani njia hiyo huenda ikafungua mlango. Kwa wakati uliopita, "I tried to call" na "I tried calling" zinakaribiana sana, hivyo ongeza matokeo na usiache mtu akisie: "no answer", "phone off", "no network".

Kwa kuandika, mimi nisingejisumbua na "and". "Try to" haina sharti, haina mkia unaoiharibu, na inafaa kwenye ujumbe hata kwenye barua. Ielewe "try and" ukiisoma, usiirekebishe kwa bosi, na andika "try to". Jihadhari tu na "I will try to send it by 4" kama una uhakika wa kuituma. Kwake, kama kwetu, "nitajaribu" ina harufu ya "pengine sitaweza". Kama karatasi ziko mezani, andika "I will send it by 4".

Basi ujumbe wako. Ukiurekebisha tu, bila kuugusa zaidi, unakuwa hivi: "Although the truck is at Kasumbalesa, we can't cross because the scanner is down. The driver tried to call the agent." Umenyooka, lakini bado nina shaka na hiyo "although". Lori kuwa Kasumbalesa si ajabu inayopingana na kushindwa kuvuka. Malori yote yanayoshindwa kuvuka yako hapo. "Although" ingefaa kama ungekuwa na jambo linalomfanya mtu atarajie kuvuka, mfano karatasi kukamilika. Kwa hiyo ningeutuma hivi, kwa mkupuo mmoja:

"Truck is at Kasumbalesa, papers ready, but we can't cross because the scanner is down. Driver tried to call the agent, no answer. Can you try calling him from your side?"